Mistari ya Vortex ikikatana, tazama mshumaa uliotoka

*Swali:* «Natumia Vortex ya vipindi 14 kwenye chati ya siku. VI+ ikipanda juu ya VI− nanunua, ikishuka chini yake nauza. Mara kadhaa mistari imekatana wakati bei imelala tu, haijaenda popote, halafu siku moja au mbili baadaye inakatana tena kwa upande wa pili. Je, nimekosea kupanga, au kiashiria chenyewe ndivyo kilivyo? Nitajuaje mkato upi ni mwanzo wa mwelekeo mpya?»

Hujakosea kupanga. Shida ni kwamba mkato wa Vortex unasema jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Tuweke kando mapengo ya bei kwanza, nitayarudia. Chukua bei ya juu na bei ya chini ya mshumaa, zijumlishe, gawa kwa 2. Hapo umepata sehemu ya katikati ya mshumaa, na hapa nitaiita kitovu. VI+ huwa juu ya VI− pale kitovu cha leo kinapokuwa juu ya kitovu cha siku 14 zilizopita. Basi. Yaliyotokea katikati, bei ipande na kushuka itakavyo, hayaamui mstari upi uko juu.

Ndiyo maana mistari inaweza kukatana soko likiwa limelala. Leo hakujatokea kitu, ila mshumaa mmoja wa zamani umetoka kwenye dirisha lako la siku 14 na ukaondoka na uzito wake. Hili usilichukue kwa kuniamini mimi, tulipige hesabu.

Kiashiria hiki kilitolewa na Etienne Botes na Douglas Siepman mwaka 2010. Walisema wazo la mzunguko walilipata kwa Viktor Schauberger, Mwaustria aliyechunguza jinsi maji yanavyozunguka yanapotiririka, lakini kwa upande wa hesabu deni lao kubwa liko kwa Welles Wilder, ambaye mwaka 1978 alikuwa ameshatoa namna yake ya kupima mwendo wa juu na wa chini. Wilder kila siku hachagui zaidi ya mshindi mmoja: ama mwendo wa juu unahesabiwa, ama wa chini, na aliyeshindwa anaandikiwa sifuri. Vortex haimnyimi mtu. Kila siku pande zote mbili zinapewa chao.

Mwendo wa juu, VM+, ni umbali kutoka bei ya chini ya jana hadi bei ya juu ya leo. Mwendo wa chini, VM−, ni umbali kutoka bei ya juu ya jana hadi bei ya chini ya leo. Umbali hauna alama ya kutoa, kwa hiyo zote mbili huandikwa kama namba chanya. Halafu kuna TR, masafa halisi ya siku, ambayo ni ya Wilder: unachukua iliyo kubwa kati ya tofauti ya juu na chini ya leo, umbali wa bei ya juu ya leo kutoka bei ya kufunga ya jana, na umbali wa bei ya chini ya leo kutoka bei hiyo hiyo ya kufunga. Unajumlisha VM+ za siku 14, unajumlisha VM− za siku 14, na kila jumla unaigawa kwa jumla ya TR za siku 14. Majibu mawili unayopata ndiyo VI+ na VI−.

Sasa tazama mkato unatokea wapi. Mistari yote miwili inagawanywa kwa namba ile ile, kwa hiyo TR haiwezi kuamua nani yuko juu. Inaamua tu mistari iko mbali kiasi gani. Anayeamua ni tofauti ya jumla mbili za VM. Na ikiwa mshumaa wa leo na wa jana vinagusana, kama ilivyo siku nyingi, VM+ ukitoa VM− unapata (juu ya leo + chini ya leo) kutoa (juu ya jana + chini ya jana). Hiyo ni mara mbili ya hatua ambayo kitovu kimepiga kutoka jana hadi leo. Ukijumlisha hatua 14 zinazofuatana, za katikati zote zinafutana na kinachobaki ni mwanzo na mwisho tu: kitovu cha leo kutoa kitovu cha siku 14 zilizopita, mara mbili.

Kutokana na hapo kuna jambo lingine ambalo wengi hawalioni: bei ya kufunga haimo kabisa kwenye uamuzi wa mkato. Inaingia kwenye TR peke yake. Mshumaa unaweza kurusha utambi mrefu juu, ukafunga karibu na sakafu yake, na bado ukaivusha VI+ kwenda juu.

Tuchukue mfano mdogo wa kupigwa kwa mkono. Badala ya vipindi 14 natumia 4, ili kila kitu kionekane.

| Siku | Juu | Chini | Kufunga | VM+ | VM− | TR |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 0 | 110 | 106 | 108 | | | |
| 1 | 109 | 105 | 106 | 3 | 5 | 4 |
| 2 | 106 | 98 | 99 | 1 | 11 | 8 |
| 3 | 101 | 97 | 99 | 3 | 9 | 4 |
| 4 | 101 | 98 | 100 | 4 | 3 | 3 |
| 5 | 101 | 97 | 98 | 3 | 4 | 4 |
| 6 | 101 | 98 | 100 | 4 | 3 | 3 |
| 7 | 102 | 98 | 99 | 4 | 3 | 4 |

Bei ilianguka siku ya 2, ikamalizia kushuka siku ya 3, kisha ikatulia. Tangu siku ya 3 inafunga 99, 100, 98, 100, 99. Ukimwonyesha mtu yeyote safu hiyo atakwambia hakuna kitu hapo.

Siku ya 6 dirisha linashika siku ya 3 hadi ya 6. Jumla ya VM+ ni 14, ya VM− ni 19, ya TR ni 14. VI+ ni 1.00 na VI− ni 1.36, kwa hiyo wauzaji wako juu waziwazi. Kesho yake, siku ya 7, dirisha linashika siku ya 4 hadi ya 7. VM+ inakuwa 15, VM− inakuwa 13, TR inabaki 14. VI+ ni 1.07, VI− ni 0.93. Mistari imekatana na mshale wa kijani umetokea kwenye chati yako.

Nini kimetokea siku ya 7? Ulinganishe mshumaa wake na wa siku ya 6. VM+ yake ni 4, ya siku ya 6 ilikuwa 4. VM− yake ni 3, ya siku ya 6 ilikuwa 3. Bei yenyewe imefunga chini kuliko jana. Mshumaa mpya haukuleta jipya. Kilichobadilika ni kwamba siku ya 3, iliyokuwa na 3 juu na 9 chini, imetoka dirishani. Kabla ya hapo jumla ya VM− ilikuwa mbele kwa 5. Mshumaa ulioingia uliongeza 1 upande wa juu, ulioondoka uliondoa 6 upande wa chini, na 5 zile zikageuka kuwa 2 za upande wa pili. Kati ya mabadiliko ya 7, sita ni za mshumaa ambao soko lilishausahau.

Jaribu na kanuni ya vitovu: kitovu cha siku ya 7 ni 100, cha siku ya 3 ni 99. Tofauti ni 1, mara mbili ni 2, na ndiyo hiyo 15 kutoa 13.

Siku ya 8 tuseme juu ni 101, chini 97, bei ikafunga 98. VM+ ni 3, VM− ni 5, TR ni 4. Dirisha la siku ya 5 hadi ya 8 linatoa 14 juu na 15 chini, yaani VI+ 0.93 na VI− 1.00. Mistari imekatana tena kurudi. Aliyenunua siku ya 7 mshumaa ulipofunga kwa 99 sasa yuko 98 na kiashiria kinamwambia auze. Bila shaka hiki ndicho unachokutana nacho, na utakikuta hasa siku za kumi na kitu baada ya mporomoko au mruko mkubwa, pale mishumaa mikubwa ya siku zile inapoanza kutoka mmoja mmoja kwenye dirisha la 14.

Sasa badilisha siku ya 7 peke yake. Tuseme juu ilikuwa 104, chini 99, na bei ikafunga 104 kabisa, kwenye kilele cha siku. VM+ ni 6, VM− ni 2, TR ni 5. Jumla za dirisha ni 17 juu, 12 chini, TR 15, na hivyo VI+ ni 1.13 na VI− ni 0.80. Huu nao umesaidiwa na kuondoka kwa siku ya 3, siwezi kukuficha. Lakini safari hii mshumaa mpya umechangia 4 kati ya mabadiliko ya 10, na umevuka 101, bei ambayo siku nne zilizopita soko lilikuwa likiigonga na kurudi. Huo ni mkato wa kufuatiliwa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza mistari inapokatana si "imekatana upande gani" bali "mshumaa gani umetoka". Hesabu vipindi 14 kurudi nyuma kutoka mshumaa wa leo. Hapo umefika kwenye mshumaa uliotoka leo. Ukiukuta ni mkubwa na uliokwenda kinyume na mkato, halafu wa leo ni mdogo, mkato huo wote ni hesabu za kalenda. Ukiukuta ni wa kawaida na wa leo ndio uliosukuma, endelea kuutazama. Ukaguzi huu hauchukui dakika moja.

Swali la pili ni mistari imeachana kiasi gani. Hapa ndipo TR inapofanya kazi yake. VI+ ukitoa VI− unapata umbali ambao kitovu kimesogea, mara mbili, ukigawanywa kwa jumla ya njia yote iliyotembewa. Ni sawa na mtu aliyetembea kutwa nzima huku na huku uani: amechoka, lakini jioni yuko mita mbili tu kutoka alipoanzia asubuhi. Mwachano mdogo maana yake soko limetembea sana bila kwenda. Katika mfano wetu mkato wa bure uliachana kwa 0.14, ule wa pili kwa 0.33.

Utasikia watu wakisema wasubiri VI+ ipite 1.10 na VI− iwe chini ya 0.90, kana kwamba ni vithibitisho viwili. Ni kimoja. Pasipo mapengo, jumla ya mistari miwili haiendi mbali na 2, kwa hiyo mmoja ukipanda mwingine karibu lazima ushuke kwa kiasi hicho hicho. Unachokipima hapo ni mwachano wa 0.20, mara moja.

Na huo 0.20 nao usiuhamishe ovyo kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Uzidishe kwa idadi ya vipindi, gawa kwa 2, upate kitovu kimesogea mara ngapi ya masafa ya wastani ya siku moja. Kwa vipindi 14, 0.20 ni siku 1.4 za masafa ya wastani. Kwa vipindi 30, 0.20 hiyo hiyo inadai siku 3 kamili. Mtu anayetoka 14 kwenda 30 akabakiza kizingiti chake, halafu akashangilia kwamba mikato ya uongo imepungua, kwa sehemu kubwa amekaza tu kizingiti bila kujua. Mimi kwa 14 huanzia 0.20, na kwa vipindi virefu hukishusha kidogo. Hilo ni chaguo la mtumiaji, usilichukue kama sheria.

Swali la tatu, uingie lini, wenye kiashiria walilijibu wenyewe tangu mwanzo, ila wanaokitumia wengi hulipuuza. Botes na Siepman hawakusema ununue mistari ikikatana. Walisema siku ya mkato wa kupanda, chukua bei ya juu ya siku hiyo uiweke kuwa lango. Unanunua pale tu bei inapovuka lango hilo siku zinazofuata. Kwa mkato wa kushuka, lango ni bei ya chini ya siku ya mkato. Mistari ikikatana tena kabla lango halijavukwa, amri inafutwa na hakuna biashara.

Angalia lango hilo lingekufanyia nini kwenye mfano. Mkato wa bure wa siku ya 7 ulikuwa na bei ya juu ya 102. Siku ya 8 bei haikupita 101, lango halikuguswa, mistari ikakatana kurudi, amri ikafutwa. Hukupoteza hata senti. Kwenye mkato wa pili lango ni 104, na kwa kuwa bei ilifunga papo hapo kwenye 104, msukumo wowote wa kesho unakuingiza. Lango lina gharama yake: unanunua juu zaidi, kwa hiyo kikomo chako cha hasara kinakuwa mbali. Ukikiweka chini ya 97, bei ya chini kabisa ya siku hizo za utulivu, ni pointi 7 na ushee kutoka 104, karibu mara mbili ya masafa ya wastani ya siku. Punguza ukubwa wa biashara uendane na umbali huo, usisogeze kikomo ndani ya eneo ambalo bei imekuwa ikizunguka.

Sasa mapengo. Kila nilichosema kuhusu vitovu kinashika mradi mshumaa wa leo unagusana na wa jana. Bei ikiruka na kuacha nafasi tupu katikati, hesabu inageuka kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Tuseme jana juu ilikuwa 101 na chini 98, leo soko limefunguka juu sana na mshumaa wote uko kati ya 105 na 108. VM+ ni 108 kutoa 98, yaani 10. Vizuri. VM− ni umbali kutoka 101 ya jana hadi 105 ya leo, yaani 4. Umeona? Bei haikushuka hata chembe, lakini upande wa chini umepewa 4, kwa sababu umbali hauulizi ulielekea wapi. Kitovu kimepanda 7, kwa hiyo tofauti ilipaswa kuwa 14, na kiashiria kimeandika 6. Kila pengo linakatwa mara mbili ya upana wake.

Kwa anayefanya hisa kwenye chati ya siku, hili si dogo. Taarifa ya mapato ya kampuni ikitoka usiku na hisa ikaruka, Vortex inaupunguza mwendo ule ule ambao pengine ndio mwanzo halisi wa mwelekeo, na mkato unaweza kuchelewa siku kadhaa. Dalili yake unaweza kuiona kwa macho: bei imeruka sana, lakini mistari miwili haikuachana kwa kiasi kinacholingana na mruko huo. Kwenye jozi za sarafu, ambako soko halifungi katikati ya wiki, utakutana na jambo hili zaidi mwanzoni mwa wiki tu, na kwa hiyo huko kanuni ya vitovu inashika karibu muda wote.

Ukitaka kuthibitisha yote haya kwenye chati yako mwenyewe, bandika msimbo huu kwenye Pine Editor ya TradingView:

```
//@version=5
indicator("Mwachano wa Vortex")
n = input.int(14, "Vipindi")
juu = math.sum(math.abs(high - low[1]), n)
chini = math.sum(math.abs(low - high[1]), n)
njia = math.sum(ta.tr(true), n)
plot((juu - chini) / njia, color=color.blue)
plot(2 * (hl2 - hl2[n]) / njia, color=color.orange)
hline(0)
```

Mstari wa bluu ni VI+ kutoa VI−. Wa machungwa ni vitovu viwili tu, cha leo na cha siku 14 zilizopita. `hl2` ni jina ambalo TradingView imelipa kitovu. Kila bluu inapovuka sifuri, ndipo mistari yako ya Vortex inapokatana. Ukifungua jozi ya sarafu, mistari hii miwili italaliana hata usione kama iko miwili. Ukifungua hisa yenye mapengo, utaiona ikiachana siku ya pengo na kubaki mbalimbali hadi siku hiyo itoke dirishani.

Kuhusu kubadilisha vipindi ili kukwepa mikato ya bure, sikushauri upoteze muda mwingi huko. Vipindi virefu vinapunguza idadi ya mikato, ni kweli, lakini soko linapozunguka palepale kitovu cha leo na kile cha zamani vitakuwa karibu karibu kwa dirisha lolote utakalochagua, na vitu viwili vilivyo karibu hupishana mara kwa mara. Hakuna namba inayotibu hilo. Kinachosaidia ni kutokuwepo: kama ndani ya dirisha lako mistari imeshakatana mara tatu au nne na mwachano haujawahi kufika kizingiti, acha kuitazama hadi bei itoke nje ya eneo hilo.

Kutoka kwenye biashara ni habari nyingine. Kusubiri mkato wa kinyume ndipo utoke ni kuchelewa, kwa sababu ile ile ya vitovu: ikiwa bei imepanda sana kwa wiki tatu, itabidi irudi hadi chini ya ilipokuwa siku 14 nyuma ndipo mistari ikatane, na hapo umesharudisha sehemu kubwa ya faida. Mimi mwelekeo ukishashika huiacha Vortex na kusogeza kikomo cha hasara nyuma ya bei kwa kipimo cha masafa ya wastani. Mkato wa kinyume ukija kabla kikomo hakijaguswa, naufuata. Mara nyingi hauji.

Jambo la mwisho ni la kiufundi, na huenda ndilo linalokuletea mikato inayokuja na kutoweka. Mshumaa wa leo ukiwa bado uko wazi, bei yake ya juu na ya chini hazijatulia, kwa hiyo kitovu chake kinasogea na mkato unaweza kutokea saa nne asubuhi ukafutika kabla ya jioni. Kesho ukitazama chati hutauona kabisa. Ukiweka tahadhari kwenye TradingView, chagua `Once Per Bar Close`, na lango la kununua au kuuza liweke baada ya mshumaa kufungwa, kwa bei yake ya juu au ya chini ambayo sasa haibadiliki tena.